Tisa kwa Kila Mia

Mimi nashona mifuko ya magodoro. Cherehani yangu iko dukani humo humo, kando ya mlango penye mwanga, kwa hiyo kila anayeingia ananipita, na linalosemwa kaunta linanifikia hata nisipotaka. Duka ni la watoto wa marehemu dada yangu, kaka mtu na dada mtu. Mimi ni mama yao mdogo. Wakiwa na furaha wananiita mama, wakikasirika wananiita fundi.

Kaka mtu tulimpa jina la Nukta tangu yuko shule, kwa sababu kila akimaliza kusema hutia muhuri: "Nimesema, nukta." Ukimpinga anarudia lile lile, kwa sauti ya juu zaidi, kisha nukta tena. Dada yake ni Kijiko. Alikuwa mwembamba utotoni, kichwa kikubwa kiwiliwili uzi, na jina likamganda hata alipoolewa na kunenepa. Mume wa Kijiko sisi sote tulimwita Shemeji. Nukta alianza kumwita hivyo kwa haki yake, wapagazi wakaiga, na mwishoni hata mteja aliyeingia mara ya kwanza alisikika akiuliza, "Shemeji, hili la inchi sita bei gani?"

Shemeji ndiye aliyekaa kwenye droo ya pesa. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi, upole wa kuudhi. Mteja akimtukana anamwambia pole. Nilikuwa nikimchokoza, "Wewe mwanangu ukikanyagwa mguu utamwomba radhi aliyekukanyaga," naye anacheka na kusema, "Labda mguu wangu ndio ulikaa vibaya, Mama."

Duka lile lina desturi iliyoachwa na marehemu shemeji yangu, baba yao. Bei haiandikwi kwa karatasi. Kila godoro na kila kitanda kina kibao cheusi kidogo kimefungwa kwa kamba, na bei imeandikwa kwa chaki. Mzee alikuwa akisema biashara haina bei ya milele, kwa nini upoteze gundi? Bei ikibadilika unafuta kwa kitambaa, unaandika nyingine. Ya jana imekwenda na vumbi.

Mwaka ule sponji ilipanda bei kiwandani. Nukta akapandisha bei zake zote, na kabla hata sisi wenyewe hatujazizoea bei mpya, wanafunzi wakakaribia kurudi mabwenini. Duka la ng'ambo ya barabara likatundika kitambaa kirefu kuliko mlango wake: PUNGUZO. Nukta alikaa siku nzima akilitazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Na sisi tunapunguza," akasema. "Asilimia thelathini. Kila kitu. Nukta."

Nikamwambia, "Utabaki na nini?"

"Nitabaki na wateja, mama mdogo."

Hapo sina la kumlaumu. Alifanya hesabu yake vizuri. Bei zake za kawaida ni gharama ya kununulia pamoja na nusu yake juu. Godoro la watu wawili linalomgharimu laki moja analiuza laki na nusu. Ukitoa thelathini kwa mia kwenye laki na nusu, yaani elfu arobaini na tano, inabaki laki na elfu tano. Faida ndogo, lakini ni faida. Alipita na kalkuleta yake kutoka kibao hadi kibao, na Shemeji nyuma yake na chaki na kitambaa. Nukta anataja, Shemeji anafuta, anaandika. Kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Watu walikuja, tukauza. Nilishona mifuko mpaka vidole vikavimba. Msimu ulipokwisha, mabweni yakajaa na wazazi wakaishiwa, Nukta akasema sasa bei zirudi zilikotoka.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa pale, na niliona kila kitu bila kuona chochote. Nukta alisimama mbele ya kibao cha kwanza kilichoandikwa laki na elfu tano. Bei ya zamani ilishafutwa, na hakuna aliyeikumbuka vizuri kwa vile haikukaa. Angeweza kwenda ofisini, akatoa stakabadhi za kiwanda, akaanza tena na gharama. Lakini hiyo ni kazi ya siku mbili, na Nukta kwa uvivu wa karatasi hajapata mshindani.

"Tulitoa thelathini kwa mia," akasema. "Tunarudisha thelathini kwa mia. Shemeji, andika."

Akabonyeza laki na elfu tano, akabonyeza alama ya kujumlisha, thelathini, asilimia. Kalkuleta ikatoa laki na elfu thelathini na sita na mia tano. Shemeji akaandika. Wakaenda kibao cha pili. Nukta akitaja, Shemeji akiandika, kama walivyofanya mara ya kwanza. Hata mimi nilifurahi kuona mambo yamerudi kama zamani.

Nukta ana tabia moja nzuri, na ndiyo iliyotuangamiza. Kila mwisho wa mwezi anahesabu mali. Anajua kilichokuwamo stoo, anajua kilicholetwa, anahesabu kilichobaki, na hivyo anajua kilichotoka kilimgharimu kiasi gani. Anaongeza nusu yake, na hapo anajua droo ilipaswa kumpa nini. Mwezi wa kwanza baada ya bei kurudi, mali iliyotoka ilikuwa imemgharimu milioni nne. Alitarajia milioni sita. Alipata milioni tano, laki nne na elfu sitini. Laki tano na arobaini hazipo.

Alihesabu upya. Alihesabu mara ya tatu huku akinung'unika. Kuanzia siku ile nilimwona anavyomtazama Shemeji mikononi.

Mwezi wa pili biashara ilikuwa mbovu. Mali ya milioni mbili tu ndiyo iliyotoka. Alitarajia milioni tatu, akapata milioni mbili, laki saba na thelathini. Laki mbili na sabini hazipo.

Mwezi wa tatu hakusubiri kumaliza kuhesabu. Alikuja mapema, akafungua mlango wa chuma nusu tu, akamwita Shemeji ofisini. Ofisi yenyewe ni ubao mwembamba umesimamishwa katikati ya vitanda. Kijiko alikuwa anafagia. Aliacha kufagia.

"Shemeji," Nukta alisema, "mimi na wewe tumekula sahani moja. Niambie kwa nini."

"Kwa nini nini, Mkubwa?"

"Pesa zinavuja. Mali inatoka kamili, pesa zinaingia pungufu. Droo ina ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwako."

 Kisha nikamsikia Shemeji, sauti ile ile ya kumwomba radhi mteja. "Mkubwa, mimi nauza kwa bei iliyo kwenye kibao. Anachotoa mteja naweka ndani. Sijachukua hata ya nauli."

"Basi zimeota miguu?"

"Sijui, Mkubwa. Wallahi sijui."

"Mimi najua. Kikulacho ki nguoni mwako. Leta ufunguo, uende zako. Polisi sitaita, kwa ajili ya dada yangu. Mshahara wa mwezi huu nauzuia. Nukta."

Niliinuka kwenye cherehani. Nilimwambia Nukta mbele ya wote kwamba mtu hashtakiwi kwa kutoa na kujumlisha, kwamba yule ni mkwe wangu na nimemjua, na mwizi hana macho yale. Akanijibu, "Fundi, kashone." Nikarudi kukaa. Ningefanya nini? Mtu mwenye hasira na hesabu mkononi humwezi; hasira ikipoa, hesabu inaiwasha tena.

Lakini si Nukta niliyekuwa namtazama. Nilikuwa namtazama Kijiko. Amesimama na ufagio, mume wake anampita kwenda mlangoni, na anamtazama mumewe kama anatafuta kitu kilichomdondoka. Shemeji alisimama mbele yake kidogo. Nadhani alikuwa anangoja neno moja tu. Neno halikuja, akainama chini ya mlango wa chuma akatoka.

Naishi nao, chumba cha uani. Mchana ule nilirudi mapema kupika, kwa kuwa nilijua hakuna atakayepika. Nilikuwa nachambua mchele barazani, dirisha lao liko wazi juu ya kichwa changu, na sikujifanya kiziwi.

Kijiko alianza vizuri. Alimwita kwa jina la mahaba ambalo sitalisema hapa. Kisha akasema, "Kama ulichukua, niambie mimi. Sitakasirika. Tutarudisha kidogo kidogo, hata kaka hatajua."

"Sikuchukua."

"Kaka amehesabu mara tatu."

"Na mimi nimekwambia mara moja. Sikuchukua."

"Sasa zimekwenda wapi? Nipe sababu. Nipe kitu cha kumwambia."

"Sina sababu," Shemeji akasema. "Nina neno langu tu."

Kijiko akalia. Akalia kilio kile cha mtu anayemhurumia mwizi. Jamani, kuna vilio vinavyotukana. Bora angempiga kofi.

Shemeji hakuondoka siku ile. Alikaa kama wiki, anakula kichwa chini, analala akiupa ukuta uso. Alikwenda kuomba kazi kwenye maduka mengine. Lakini barabara yetu ni fupi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo watu wanavyojidanganya. Muuza vioo akamwambia nafasi imejaa, na siku iliyofuata akaajiri mtu mwingine. Duka la ng'ambo, hao hao wenye kitambaa cha PUNGUZO, walimcheka usoni. Asubuhi moja nilimkuta anakunja shati zake mbili kwenye mfuko wa godoro niliokuwa nimeukosea mshono.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Mahali ambapo sitagusa pesa za mtu, Mama."

Kijiko alikuwa ndani, macho wazi kitandani. Hakutoka kumzuia. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto, kwa hiyo hata wa kulia mlangoni hakuwapo.

Droo ikahitaji mtu. Nukta hakuamini tena mtu baki, akamweka dada yake. "Damu nzito kuliko maji," akasema, na kumkabidhi ufunguo kama anamtuza. Kijiko akakaa kwenye kiti kile kile. Aliuza kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Kila chenji aliihesabu mara mbili, kila jioni alifunga pesa kwa mpira na kumkabidhi kaka yake mkononi. Nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa anangoja mwisho wa mwezi umthibitishie kwamba mumewe ni mwizi, ili apumzike. Mtu akishamtupa mwenzake, anataka sana awe amestahili kutupwa.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mali ya milioni tatu imetoka. Ilitarajiwa milioni nne na nusu. Zilipatikana milioni nne, elfu tisini na tano.

Nukta alitoka ofisini na kalkuleta mkononi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. Alimtazama dada yake kwenye mikono.

"Kijiko," akasema polepole. "Na wewe?"

 Nafikiri hapo ndipo Kijiko alipokaa kwenye kiti cha mumewe kwa mara ya kwanza, maana siku zote zile alikuwa amekikalia tu.

"Kaka, mimi sijachukua kitu."

"Hata yeye alisema hivyo."

"Mimi dada yako!"

"Pesa hazijui undugu. Zimepungua, hazikupungua?"

 Nilimwona Kijiko anatafuta sababu ya kumpa. Alikuwa hana. Alikuwa na neno lake tu.

Kisha akafanya jambo ambalo kaka yake hakulifanya miezi yote ile, wala mimi, wala yeye mwenyewe wakati lilipokuwa na faida. Alisema, "Zimepungua ngapi?"

"Laki nne na elfu tano."

"Kati ya ngapi?"

"Milioni nne na nusu."

"Ni ngapi kwa mia?"

Nukta akabonyeza, kwa dharau. "Tisa."

"Na mwezi wa kwanza, ule wa Shemeji?"

"Sasa yana maana gani..."

"Piga, kaka."

Laki tano na arobaini kwa milioni sita. Akabonyeza. Tisa. Mwezi ule mbovu, laki mbili na sabini kwa milioni tatu. Alibonyeza mara mbili, kwa maana hakuiamini mashine. Tisa.

"Mwizi gani huyu," Kijiko akasema, "anayeiba tisa kwa kila mia? Mwezi wenye biashara tisa, mwezi mkavu tisa. Mume wangu tisa, na mimi tisa. Mwizi ana tamaa, kaka. Mwizi hana rula."

Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro la watu wawili, akashika kibao. "Hii umeipataje?"

"Tulirudisha punguzo. Tulitoa thelathini, tukarudisha thelathini."

"Thelathini ya nini?"

"Thelathini ni thelathini!"

Kijiko akaja kwenye cherehani yangu, akachukua utepe wangu wa kupimia bila kuomba. Akatandaza kipande cha kitambaa mezani, akapima sentimita mia moja, akaniambia, "Mama, kata hapa." Nikakata. "Hii ndiyo bei yetu ya zamani, mia nzima. Sasa toa thelathini kwa mia." Nikakata sentimita thelathini, kikabaki kipande cha sabini.

"Hiki ndicho kilichokuwa kwenye kibao wakati wa punguzo," akasema. "Kaka, ukasimama mbele ya hiki, ukaiambia mashine iongeze thelathini kwa mia. Mashine haikujua kuna mia iliyokatwa. Inaiona sabini tu. Thelathini kwa mia ya sabini ni ngapi?"

Nukta akabonyeza. "Ishirini na moja."

"Sabini na ishirini na moja?"

Hakubonyeza. "Tisini na moja," akasema.

Kijiko akapima ishirini na moja kwenye kile kipande nilichokata, akakikata, akakiunganisha na kile cha sabini. Kando yake mezani kikabaki kitambaa chembamba cha sentimita tisa. Tulikitazama wote watatu. Kwa miezi mitatu nyumba yetu ilikuwa imemsaka mwizi, na mwizi alikuwa kipande kisichotosha hata kufutia pua.

"Ulitakiwa usiongeze," Kijiko akasema. "Ulitakiwa ujiulize, hii iliyo mbele yangu ni sabini kati ya mia, je, mia yenyewe ni ngapi? Unaigawa kwa sabini ujue moja ni kiasi gani, kisha unazidisha kwa mia. Piga. Laki na elfu tano, gawa kwa sabini."

"Elfu moja na mia tano."

"Zidisha kwa mia."

"Laki na nusu," Nukta akasema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha kuuzia, kile anachowafukuza watoto wa wateja wasikikalie. "Laki na nusu. Ndiyo ilikuwa bei yake. Tumeuza kwa laki na elfu thelathini na sita na ushee. Tumewapa watu punguzo jingine bila kujua."

"Na wao wamelipokea, kaka. Hakuna aliyeiba. Pesa hazikuwahi kuingia dukani."

Nitamsema Nukta kwa mengi, lakini hili sitamnyima. Alilia. Mwanaume mzima, mbele ya wapagazi, na hakumalizia kwa nukta. Alisema, "Nimemuua mtu wa watu," akatoa kwenye droo mshahara aliouzuia, akaongeza juu yake, akaniambia, "Mama mdogo, unajua aliko?"

Nilikuwa najua. Alikuwa akinitumia salamu, mimi peke yangu, kupitia kwa dereva anayeleta uzi.

Tulikwenda watatu, mchana wa siku ya pili. Kijiko alivaa gauni ambalo mumewe alilipenda. Njiani alikuwa mtu mwingine, anaongea bila kupumua, anacheka. Atakaporudi watabadilisha chumba. Atakaporudi Kaka atamfanya mshirika, sivyo, Kaka? Nukta akasema sivyo nini, ndivyo. Mkononi Kijiko alishika vile vipande vya kitambaa, amevikunja kwenye leso, ili amwonyeshe. Nilimtazama mwanangu alivyong'ara nikaogopa, lakini sikumwambia. Furaha ya mtu ni nguo yake. Nani atamvua barabarani?

Shemeji alikuwa kwenye kinu cha unga, nyuma ya mji. Alikuwa anabeba magunia. Unga ulikuwa umemkaa kwenye kope, kwenye masikio, kwenye mikunjo ya shingo, na alikuwa amezeeka. Alipotuona aliweka gunia chini polepole, akajifuta mikono, akanisalimia mimi kwanza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nukta hakuzunguka. Alisema amekosea, hesabu ni yake na kosa ni lake, na jina la Shemeji atalisafisha duka kwa duka. Akampa bahasha kwa mikono miwili. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Mkubwa," akasema. "Wewe ulikuwa na duka la kulinda. Hata mimi ningeogopa."

Nukta akaenda kusimama kando ya ukuta.

Kijiko akamkimbilia. Hakujali unga. Akafungua leso, akaanza kueleza, maneno yanagongana: hii ni mia, tukakata thelathini, hii sabini, sasa kaka akaongeza, lakini aliongeza ya sabini, si ya mia, umeona? Umeona hii tisa? Ndiyo hii! Ndiyo pesa zote zile! Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama alivyokuwa akiwasikiliza wateja. Alichukua kile kipande chembamba, akakigeuza, akamrudishia.

"Nimeelewa," akasema. "Hesabu nzuri. Umeipata mwenyewe?"

"Mwenyewe! Nilijua hukuchukua."

"Umejua lini?"

Kijiko akavitazama vile vipande kwenye leso.

"Jana," Shemeji akasema, akimjibia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Siku ile chumbani hukuwa na vitambaa hivi. Ulikuwa na mimi tu. Nikakwambia, na sikutosha."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Kaka alikuwa amehesabu..."

"Najua. Sikulaumu, wallahi. Lakini siku nyingine kitapotea kitu ambacho hakina hesabu. Nitachelewa kurudi, au mtu atakwambia neno. Utakuja kunitazama vile tena, na mimi sitakuwa na kitambaa cha kukuonyesha. Siwezi kuishi nikingoja jibu litoke, mke wangu. Nenda nyumbani."

Msimamizi akamwita. Shemeji akanishika mkono, akasema, "Tutaonana, Mama," akainama, akajitwika gunia lake, akaingia ndani kwenye vumbi na kelele za mashine. Kijiko aliita mara moja, kwa lile jina la mahaba. Sidhani kama alisikia. Labda alisikia.

Tulirudi kwa miguu. Nukta alitangulia mbali, aibu inamsukuma. Kijiko alitembea kando yangu na unga wa mumewe kifuani mwa lile gauni, hataki niufute. Tulikuwa tumefika mwisho wa ukuta wa kinu ndipo akasema.

"Mama mdogo, kama mahesabu yale yasingepatikana, ningemwamini lini?"

Nilimlea mtoto huyu tangu mama yake alipofariki, na sijapata kumficha jibu. Siku ile nilimshika mkono tu, tukaendelea kutembea, kwa kuwa nilimwona usoni kwamba analijua.